Kompyuta ya gemu inakula yuniti? Funga fremu kwanza, halafu wati za kadi

Gemu likiwa kwenye menyu tu, hujaanza hata kucheza, kadi ya grafiksi inaweza ikawa inakula wati karibu sawa na zile inazokula katikati ya mchezo. Yenyewe haijui kwamba hapa ni picha imesimama, imeambiwa chora basi inachora, picha ile ile mara 300 au 400 kwa sekunde, mana hakuna aliyeiambia ikome wapi. Ni kama gari ya abiria imepaki Darajani inasubiri watu huku dereva kakanyaga mafuta mpaka chini. Na sie wa mita za Tukuza hatungoji bili ya mwisho wa mwezi itushtue, yuniti tunaziona zinavyoshuka kwenye kioo.

Hapa ntaeleza vitu viwili tu. Cha kwanza kufunga fremu, yaani unaiambia kompyuta isichore zaidi ya idadi fulani kwa sekunde. Cha pili kuiwekea kadi limiti ya wati. Watu wengi wanarukia hicho cha pili kwa sababu kinaonekana cha kitaalamu zaidi, lakini kwa gemu nyingi tunazocheza huku, cha kwanza ndo kinaleta faida kubwa na hakihitaji ujuzi wowote. Hicho cha pili kina kazi yake, ntafika.

Mashine ntakayoitumia kama mfano ni ya dogo mmoja mtaani kwetu Mwanakwerekwe: prosesa ni Ryzen 5 5600, kadi ni RTX 3060 ambayo kiwandani imepangiwa wati 170, monita ni ya 144Hz. Kama yako ni nyengine usijali, njia ni ile ile, namba ndo zitabadilika.

Hatua ya 1: pima kwanza, na pima kwa mita

Usianze kubadilisha kitu kabla hujajua unakula ngapi, la sivyo utakuwa unabahatisha tu. Ukipata kile kipima wati cha kuchomeka ukutani vizuri sana, lakini kama huna, mita yenyewe inatosha.

Tazama uso wa mita utaona taa ndogo nyekundu inapepesa, na pembeni yake pameandikwa namba inayoishia na `imp/kWh`. Hiyo namba ni idadi ya mipepeso kwa yuniti moja. Mita nyingi ni 1000 au 1600, lakini soma ya kwako usichukue ya jirani. Sasa zima kila kitu ndani: friji, feni, taa, chaja, pampu ya maji, bakisha kompyuta na monita yake tu. Friji hasa ichomoe kabisa, kwa sababu inawaka na kuzima yenyewe na ikiwaka katikati ya kipimo umeshaharibu hesabu.

Fungua gemu, ingia sehemu ambayo kadi inafanya kazi kweli, acha dakika kama tano mashine ipate moto, halafu mtu mmoja abaki kwenye gemu mwengine aende kwenye mita na saa ya simu. Ukiona mpepeso, anzisha saa na huo uuhesabu sifuri, si moja. Hesabu mpaka 10 usimamishe. Hesabu yake hii hapa:

```
wati = 3600000 x mipepeso / (imp x sekunde)
```

Kwa mita ya 1000 na mipepeso 10, inakuwa ni 36000 gawa kwa sekunde ulizopata. Kwa dogo yule tuliwasha GTA V, setingi za juu, fremu hazijafungwa, zinacheza kati ya 100 na 120. Mipepeso 10 ikachukua sekunde 105. Kwa hiyo 36000 gawa 105 ni wati 343 hivi. Hiyo ni mashine nzima na monita, pamoja na ule umeme unaopotea kwenye pawasaplai yenyewe, mana pawasaplai haitoi ndani wati zote inazovuta ukutani. Ndo mana namba ya mita kila siku itakuwa kubwa kuliko ile unayoisoma kwenye softwea, na inayokukata pesa ni hii ya mita.

Kama mita yako iko juu ya nguzo huku ndani umepewa kibodi tu ya kuingizia tokeni, mipepeso huwezi kuihesabu. Hapo andika yuniti zilizobaki, cheza saa nzima vitu vyengine vimezimwa, andika tena. Yuniti 0.34 zikipungua kwa saa, ndo wati 340. Inachosha lakini jibu ni lile lile.

Na bei ya yuniti usiulize mtu, chukua risiti yako ya mwisho, pesa uliyolipa igawe kwa yuniti ulizopewa. Hiyo ndo bei yako halisi, makato yote yamo ndani.

Hatua ya 2: funga fremu

Kabla ya kuchagua namba, angalia monita yako ni ya ngapi. Windows, setingi za skrini, sehemu ya `Advanced display`, pameandikwa `Refresh rate`. Hapa kuna watu wengi tu wana monita ya 60Hz iliyotoka na kompyuta ya ofisi ya mtumba, halafu kadi inatoa fremu 140. Monita hiyo inaonesha picha 60 kwa sekunde, zile 80 nyengine zinachorwa, zinalipiwa, hakuna anayeziona. Na kinyume chake pia nshakiona, mtu kanunua 144Hz lakini Windows imebaki kwenye 60 tokea siku aliyoichomeka.

Kwa kadi za NVIDIA, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye skrini tupu, fungua `NVIDIA Control Panel`, nenda `Manage 3D settings`, tafuta `Max Frame Rate`, washa, andika namba. Kwenye `NVIDIA App` mpya ipo sehemu ya `Graphics` kwa jina hilo hilo. Ukiiweka kwenye `Global Settings` inashika gemu zote, ukiiweka kwenye `Program Settings` inashika gemu moja. Mie napendelea ya jumla iwe sawa na monita yako, halafu gemu za kutalii na za kuendesha gari uzishushe moja moja.

Namba gani sasa? Kwa monita ya 60Hz ni 60, hakuna mjadala. Ya 75Hz weka 75, usiweke 60, kwa sababu 60 haigawanyiki sawa ndani ya 75, kwa hiyo baadhi ya picha zinakaa mara mbili na nyengine mara moja, ukigeuza kamera utaona mchezo unadundadunda japo kaunta inasema 60 imetulia. Ya 144Hz, nusu yake ni 72, na hiyo ndo namba nzuri kwa mtu anayetaka kubana, kila picha inakaa mara mbili kamili. Kama monita ina FreeSync au G-Sync na umeiwasha, hilo tatizo halipo kabisa, weka hata 60 kwa raha zako, monita itaifuata kadi.

Dogo wetu monita yake inayo FreeSync, tukamfunga kwenye 60. GTA V ile ile, sehemu ile ile ya mji, tukarudi kwenye mita: mipepeso 10 kwa sekunde 164. Wati 220 hivi. Tumeshusha zaidi ya wati 120 na hatujapunguza ubora wa picha hata kidogo, vivuli vile vile, kila kitu kile kile. Na si kadi peke yake iliyoshuka, prosesa nayo inapumzika, mana kila fremu inayochorwa prosesa ndo inaitayarisha kwanza.

Sasa kuna mtego hapa. Watu wakishafunga fremu wanaangalia asilimia ya matumizi ya kadi, wanaona bado 80, wanasema haijafanya kazi. Ile asilimia inakudanganya. Kadi ikiona kazi imepungua inashusha mwendo wake, kutoka labda megahezi 1900 mpaka 1200, halafu inafanya kazi asilimia 80 ya huo mwendo mdogo. Asilimia kubwa, wati ndogo. Kwa hiyo usiangalie asilimia, angalia wati. Fungua `Command Prompt`, andika hivi, halafu endelea kucheza:

```
nvidia-smi --query-gpu=power.draw,clocks.gr,utilization.gpu --format=csv -l 2
```

Kila sekunde mbili inaandika wati, mwendo na asilimia. Ukitaka kusimamisha ni `Ctrl+C`. Ukikuta fremu zimefungwa lakini mwendo umeganda juu kule kule 1900, rudi kwenye `Manage 3D settings` utazame `Power management mode`. Kuna video nyingi za kuongeza spidi zinawaambia watu waweke `Prefer maximum performance`. Ukiiweka hiyo kadi haikubali kushuka mwendo hata kazi iwe ndogo namna gani, nusu ya faida ya kufunga fremu umeitupa. Weka `Normal`, au `Optimal power` kwa draiva za zamani.

Mtego mwengine ni kufunga mara mbili: umefunga ndani ya gemu, ukafunga kwenye draiva, na softwea ya RivaTuner nayo umeiwekea namba yake. Zikigongana gemu linakwamakwama. Chagua pahali pamoja. Gemu likiwa na kufuli lake zuri tumia hilo, kwa kawaida linajibu haraka zaidi mkononi kuliko la draiva.

Wachezaji wa mashindano najua mnachotaka kusema, fremu 60 kwenye Counter-Strike 2 ni kujiuwa. Sawa. Nyie fungeni kwenye namba ya monita, 144, na bado mtakuwa mmeokoa kuliko kuacha gemu lifike 250. Na menyu ina kufuli yake peke yake, kwenye konsoli ya gemu:

```
fps_max 144
fps_max_ui 60
```

Huo mstari wa pili ndo wa yule anayekaa kwenye lobi nusu saa anawasubiri wenzake waje kutoka Isha. Na kwa gemu zote, palepale kwenye draiva kuna `Background Application Max Frame Rate`, iweke 20, ili ukitoka kwenye gemu kwenda kujibu meseji, gemu likiwa nyuma lisiendelee kuchora kwa nguvu zote.

Hatua ya 3: limiti ya wati, kwa gemu nzito

Kufuli ya fremu inasaidia pale tu kadi inapoweza kuivuka. Ukifungua gemu kama Cyberpunk 2077 kwa setingi za juu, RTX 3060 inatafuta fremu 60 haizipati, inacheza 55 mpaka 58. Kufuli ya 60 haijaguswa, kadi iko kwenye wati zake 170 muda wote. Hapa ndo limiti ya wati inapoingia.

Sababu inayofanya ifae ni volti. Kadi kutoka kiwandani inasukumwa mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake ili ishinde kwenye vipimo vya majarida, na huko mwisho kila megahezi ya ziada inadai volti zaidi. Matumizi ya chipu yanapanda kwa mwendo, lakini kwa volti yanapanda kwa volti mara volti. Tuchukue kadi inayotaka volti 1.05 kufika megahezi 1900, halafu 1700 inatosheka na 0.85 hivi, kila kadi ina zake kidogo. Mwendo umepungua kama asilimia 10, lakini 0.85 mara 0.85 gawa kwa 1.05 mara 1.05 ni karibu theluthi mbili tu. Ukizidisha na ule mwendo uliopungua, chipu inakula chini kidogo ya asilimia 60 ya ilichokuwa inakula. Memori na feni za kadi hazishuki hivyo, kwa hiyo kadi nzima haipungui kiasi hicho, lakini umeona tunakwenda wapi: unatoa fremu chache, unapata wati nyingi.

Kwanza iulize kadi inakubali mpaka ngapi. `Command Prompt` safari hii ifungue kwa `Run as administrator`:

```
nvidia-smi -q -d POWER
```

Soma `Default Power Limit`, `Min Power Limit` na `Max Power Limit`. Chini ya hiyo ya `Min` hutoruhusiwa, na kila muundo wa kadi una yake. Halafu weka unayotaka, sie tuliweka 120 ambayo ni kama asilimia 70 ya 170:

```
nvidia-smi -pl 120
```

Ikikujibu kwamba huna ruhusa, hukufungua kama administrator. Ikikwambia haikubaliki kwenye kadi hiyo, labda ni laptopu, nyingi zimefungwa, na huu mwongozo ni wa kompyuta za mezani. Asiyependa kuandika amri achukue MSI Afterburner, kuna slaida imeandikwa `Power Limit` kwa asilimia, aivute mpaka 70 abonyeze alama ya vema.

Cyberpunk kabla: mipepeso 10 kwa sekunde 111, wati 324. Baada ya limiti ya 120: sekunde 135, wati 267. Fremu zikatoka kwenye 58 zikaja 53. Fremu tano kwa wati 57, mie nalipa bila kufikiri. Na kama hizo tano zinakuuma, shusha vivuli ngazi moja zinarudi, na limiti inabaki pale pale.

Ushuke mpaka wapi? Usiende moja kwa moja kwenye `Min`. Teremka wati 10, cheza, teremka tena, na uangalie zile fremu za chini kabisa zinazotokea mlipuko ukitokea au ukiingia mjini, usiangalie wastani. Kuna pahali utafika kila wati 10 unazotoa zinakuondolea fremu nyingi kuliko mara iliyopita, kadi imeshafika kwenye volti yake ya chini na sasa inalazimika kukata mwendo tu. Hapo rudi juu hatua moja uache. Kwa 3060 mie sioni faida ya kwenda chini ya 110.

Utajuaje kwamba limiti ndo inayofanya kazi na si kitu chengine? Fungua softwea ya GPU-Z, kwenye sehemu ya `Sensors` kuna mstari wa `PerfCap Reason`. Ukiandika `Pwr` wakati unacheza, kadi imegonga limiti yako. Ukiandika `Thrm` ni joto, kadi inajipunguza yenyewe kwa sababu imepata moto, na hapo dawa ni kusafisha vumbi na chumvi kwenye feni kabla ya mambo mengine, hasa nyie wa karibu na pwani.

Vitu viwili havigombani, viache vyote vimewashwa. Gemu jepesi litagonga kufuli ya fremu na limiti hutoihisi, gemu zito litagonga limiti na kufuli hutoihisi.

Wenye kadi za AMD

Kwenye Adrenalin, ile softwea ya AMD yenyewe, kufunga fremu kuna `Radeon Chill`. Weka namba ya chini na ya juu ziwe sawa, mfano 60 na 60, inakuwa kufuli ya kawaida. Ukizitofautisha, mfano 40 na 72, inashusha fremu ukiacha kugusa mausi na kupandisha ukigusa, nzuri kwa gemu za mipango kama za kujenga miji, kwenye mpira inakera.

Limiti ya wati iko `Performance`, halafu `Tuning`, washa `Power Tuning`. Hapa kadi za AMD hazifanani. RX 580, ambazo mtumba wake umejaa, slaida inashuka mbali sana. RX 6600 inakuruhusu asilimia chache tu chini, haitoshi kitu, kwa hiyo kwa hiyo kadi tegemea zaidi kufuli ya fremu, na ukitaka zaidi shusha kiwango cha juu cha mwendo hapo hapo kwenye `Tuning`. Na kadi za kizamani kama 580 softwea inakuonesha wati za chipu peke yake, memori na vyengine havimo, kwa hiyo ukiona 110 usishangilie, nenda kwenye mita.

Hatua ya 4: prosesa, kwa ufupi

Kama umefunga fremu, prosesa imeshapungua bila kuigusa. Ukitaka zaidi, Windows ina `Maximum processor state`, ukiiweka 99 badala ya 100 ule mwendo wa ziada unazimika:

```
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current
```

Inasaidia kwa zile i7 za zamani zinazochemka. Lakini kwenye gemu zinazotegemea prosesa fremu zinaanguka kwa kishindo, kwa hiyo ijaribu, na ikikuudhi rudia amri hizo hizo ukiandika 100. Kwa Ryzen 5 5600 ya dogo hatukuigusa.

Hesabu ya mwezi

Tuseme anacheza saa 4 kwa siku, GTA zaidi kuliko Cyberpunk. Wati 123 alizookoa mara saa 4 mara siku 30 ni kama yuniti 14.8. Angekuwa anacheza lile zito tu, wati 57 zinampa kama yuniti 7. Zidisha na ile bei uliyoitoa kwenye risiti, utapata shilingi zako. Kama chumba kina eisii iongeze kidogo, mana kila wati inayoliwa na kompyuta inageuka joto la chumba, na eisii inakula tena umeme kulitoa. Miezi ya kaskazi hata mwenye feni tu atahisi tofauti miguuni chini ya meza.

Na wenye UPS ndogo za 650VA, geuza nyuma usome wati zake, mara nyingi ni 360 hivi. Mashine ya wati 343 inakaa ukingoni kabisa, umeme ukikatika inaweza kuzima papo hapo ikilia. Ya 220 inakupa muda wa kusevu na kuzima kwa utaratibu.

Hatua ya 5: umeme ukikatika usianze upya

Kufuli ya fremu uliyoweka kwenye draiva inakaa hata ukiristati. Limiti ya `nvidia-smi -pl` haikai. Kompyuta ikizima, kadi inarudi kwenye 170 kimya kimya, na huku kwetu kwa mkatiko wa umeme tunaoujua, wiki haitoisha unacheza kwa wati za zamani ukidhani umebana. Kwa hiyo iambie Windows iirudie yenyewe kila ukiingia, amri hii unaiandika mara moja tu, kama administrator:

```
schtasks /create /tn KadiWati /tr "nvidia-smi -pl 120" /sc onlogon /ru SYSTEM
```

Kwa Afterburner, bonyeza ile alama ya Windows chini ya maandishi `Startup` ili iweke setingi zako kila ikiwaka, na ndani ya setingi zake uiruhusu ianze pamoja na Windows, mana bila ya kuanza yenyewe haitoweka kitu.

Ristati makusudi sasa hivi, fungua `nvidia-smi` tupu, tazama upande wa wati: ukiona inasoma kama 15W / 120W imekubali, ukiona 170 kulia basi kazi haijapita, rudia kufungua `Command Prompt` kama administrator. Na kila ukiweka draiva mpya, hasa ukichagua kusafisha ya zamani kabisa, tazama tena na ile `Max Frame Rate`, mana hiyo usafi wa namna hiyo unaifuta.